Alhamisi Mbili za Sufiani

Watu wa Chanika, pale Handeni mjini, walikuwa wakisema kwamba nguo iliyopimwa na Tatu Mhina hairudi kwa fundi. Hakuwa mtu wa kubahatisha. Futi yake ya kupimia ilikaa shingoni tangu asubuhi hadi magharibi, na wateja walimzoea hivyo, kama wanavyomzoea askari na mkanda wake. Shule aliishia darasa la saba, lakini hesabu alijiongezea mwenyewe juu ya meza ya cherehani, na hakupenda mtu amfundishe jambo aliloweza kulipiga kichwani.

Kwa hiyo Jumatano ile, picha ya tiketi ya mumewe ilipoingia kwenye simu, hakuishia kuifurahia. Aliikagua.

Mumewe, Sufiani, alikuwa fundi wa jenereta kwenye meli inayolaza nyaya za mawasiliano chini ya bahari, huko mbali visiwani Fiji. Miezi kumi na minne hajaonekana. Chini ya picha aliandika maneno machache tu: "Kesho nateremka melini. Nikishateremka sitapatikana tena kwenye simu mpaka nyumbani. Tiketi ndiyo hiyo, siku zote zimeandikwa." Ataruka kutoka Fiji kwenda Los Angeles, Marekani, kwenye ofisi ya kampuni, apimwe macho na kusaini makaratasi. Kutoka huko Doha, na kutoka Doha uwanja wa Kilimanjaro.

Tatu alikwenda na simu dukani kwa Habakuki, anayechapa barua na kutoa nakala jirani na soko. Karatasi ilipotoka kwenye mashine, wakainama juu yake wote wawili.

"Anaruka Fiji Alhamisi saa tatu usiku," Tatu alisoma. "Anatua Los Angeles Alhamisi saa saba mchana. Alhamisi ipi?"

Habakuki alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Tarehe ni ile ile, mama."

"Ndege inatua kabla haijaruka?"

"Labda ni ndege ya haraka."

"Habakuki, usinitanie. Anaruka usiku, anatua mchana wa siku hiyo hiyo. Hata ingekuwa risasi."

Habakuki akakuna kidevu. Yeye mwenyewe kwa siku hukosea tarehe za barua tatu au nne, na hakuona ajabu kompyuta ya watu wengine ikikosea moja. "Hapa wameacha kubadilisha siku," alisema. "Unajua hizi fomu, mtu anajaza siku ya juu, ya chini inajirudia yenyewe."

Tatu akakubali, maana ndivyo alivyokuwa akiwaza. Safari ile ilichukua saa kumi na moja, na hilo liliandikwa pembeni. Akahesabu kwa vidole: saa tatu usiku, ongeza kumi na moja, ni saa mbili asubuhi, Ijumaa. Akachukua kalamu ya Habakuki, akakata Alhamisi ya pili, akaandika Ijumaa. Na kwa kuwa mambo hufuatana, akasukuma na siku za chini. Ya kuondoka Marekani akaifanya Jumamosi, ya Doha ikawa Jumapili, na ya kutua Kilimanjaro, iliyoandikwa Jumapili asubuhi, akaifanya Jumatatu.

"Jumatatu," alisema, akaikunja karatasi. "Nina siku za kutosha."

Siku za kutosha kwa jambo gani, mtaa mzima ulijua. Sufiani alikuwa na wake wawili. Tatu ndiye mkubwa, hapa Handeni. Mdogo ni Munira, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye nyumba yake iko Manundu, Korogwe. Zamu zao zilikuwa siku tatu kwa tatu, bila kupunguza wala kuongeza, na Sufiani aliondoka kwenda baharini asubuhi ya kumaliza zamu ya Munira. Kwa hiyo usiku wa kwanza wa kurudi ulikuwa wa Tatu. Hilo halikuwa na ubishi, na Tatu alilishika miezi kumi na minne kama mtu aliyeshika tiketi yake mwenyewe.

Alhamisi akamwita mpaka rangi. Ijumaa kitanda kikabebwa kwa seremala, kikakazwe miguu na kubadilishwa chaga, godoro likashonwe upya. Jumamosi kuta za chumba zikapakwa mkono wa kwanza wa rangi ya mafuta, kijani kama jani la chai. Mkono wa pili ulikuwa wa Jumapili. Jumatatu asubuhi seremala angerudisha kitanda, naye Tatu angekuwa tayari.

Basi Jumamosi ile baada ya alasiri, simu ikalia. Alikuwa wifi yake, Hafsa, dada wa Sufiani anayekaa Mnyuzi.

"Wifi, hujambo? Kesho nami nije nimwone kaka?"

"Kesho wapi? Kaka yako anaingia Jumatatu."

"Munira kaniambia kesho. Tena nilimkuta amesukwa, na pazia jipya kaning'iniza. Ametafuta kuku wa kienyeji wawili."

"Munira kakwambia kesho."

"Ndiyo, Jumapili. Wifi, upo?"

Tatu alikata simu bila kuaga. Hakufikiri hata mara moja kwamba huenda yeye ndiye aliyekosea. Alifikiri hivi: Kilimanjaro ukitoka kwa barabara, Korogwe iko njiani na Handeni iko mbele. Mwanamume akitua Jumapili, akamwacha mke mkubwa ahesabu Jumatatu, huo usiku wa katikati ataulala wapi? Ndiyo maana tiketi ile haikuwa sawa. Siku imefichwa humo. Wamekaa mwalimu na mumewe wakaichezea karatasi, wakidhani wanamchezea mtu asiyejua kuhesabu.

Usiku alilala sebuleni kwenye mkeka, kwa sababu ya rangi, na hakupata usingizi. Alimwona Munira na nywele zake za kusukwa. Alimwona Sufiani akila paja la kuku na kusema, kama alivyozoea, kwamba chumvi imekaa mahali pake. Miaka tisa alikuwa akimgawia yule mwanamke nusu ya mumewe, kwa kipimo. Alichotaka yeye ni kipimo hicho hicho kirudi.

Jumapili saa tano asubuhi alimfukuza mpaka rangi, akafunga kufuli, akapanda gari la Korogwe. Futi ilikuwa bado shingoni. Hakukumbuka kuivua.

Munira alikuwa jikoni uani aliposikia hodi. Alitoka akijifuta mikono kwenye kanga, na alipoona ni nani, mikono ikasimama palepale. Wanawake hawa hukutana misibani tu, na salamu zao nyingine hupitia kwa Hafsa.

"Shikamoo, dada Tatu."

"Marahaba, mwalimu. Harufu ya pilau imenipokea barabarani."

"Karibu ndani."

"Sikuja kukaa. Nimekuja kumwona mume wetu akishuka. Au umepanga nimwone Jumatatu?"

Munira alikunja uso. "Anashuka leo. Mbona hilo unalijua?"

"Nilijulie wapi? Mimi nimepewa tiketi ya Jumatatu na wewe umepewa ya Jumapili."

"Tumepewa tiketi moja, dada."

"Lete yako."

Munira akaingia ndani akaleta simu. Tatu akatoa karatasi yake kwenye mkoba, akaikunjua kwa nguvu hata ikachanika pembeni. Wakaviweka sambamba juu ya kinu kilichopinduliwa. Namba ya tiketi ilikuwa moja. Herufi zilikuwa zile zile. Picha ni ile ile, hata kidole gumba cha Sufiani kilichoingia pembeni kilikuwa kile kile. Tofauti ilikuwa wino wa bluu tu.

"Nani kaandika hivi?" Munira aliuliza.

"Mimi. Walikosea, nikawasahihisha. Ndege haiwezi kutua kabla ya kuruka. Au mnafundisha hivyo siku hizi?"

Mwingine angecheka. Munira hakucheka, na hilo Tatu alilichukia zaidi. Alimtazama tu kwa jicho la darasani.

"Hesabu yako umepigaje?"

"Saa tatu usiku na kumi na moja. Saa mbili asubuhi ya Ijumaa. Nipe mtoto wako wa darasa la tatu aikague."

"Ni sahihi."

"Enhee!"

"Ni sahihi kwa saa ya Fiji. Ndege ilipotua, kule Fiji ilikuwa kweli Ijumaa, saa mbili asubuhi. Ila Sufiani hakushuka Fiji."

Tatu akaitazama tena karatasi yake.

"Nipe futi yako," alisema Munira.

"Ya nini?"

"Nipe, dada. Sitaila."

Munira akaivuta ndoo tupu, akazungusha futi kwenye mdomo wa ndoo. Ilizidi, akaihamishia kwenye beseni kubwa la kufulia, na hapo ikaenea, mwanzo wake ukagusana na mwisho wake. Akashika mahali pa kugusana kwa kidole.

"Hii ndiyo dunia, tuseme. Jua linaizunguka kila siku, au ndivyo tunavyoliona. Kila ukienda upande wa macheo, saa inakuwa mbele. Sisi hapa," akagusa katikati ya futi, "ikiwa saa sita mchana, Fiji huku karibu na mwisho ni saa tatu usiku. Wametutangulia saa tisa. Ukienda upande wa machweo, saa inakuwa nyuma. Los Angeles, huku karibu na mwanzo, wako nyuma yetu saa kumi. Sawa?"

"Endelea."

"Sasa tazama hapa zinapokutana ncha. Hapa pameandikwa moja, na hapa, kidole kimoja tu pembeni, pameandikwa mia na hamsini. Ni majirani, lakini namba zao ni mwanzo na mwisho. Ndivyo ilivyo katikati ya bahari ile. Watu waliweka mstari hapo, ni wa makubaliano tu, hauonekani. Upande huu wa Fiji ndio wanaoanza siku kwanza duniani. Upande ule wa Marekani ndio wanaoimaliza mwisho. Ukivuka kutoka Fiji kwenda Marekani, tarehe inarudi nyuma siku moja. Ukivuka kurudi, unaruka siku moja mbele."

Tatu aliikazia macho ile ncha. Futi ilikuwa yake, miaka ishirini ameizungusha kwenye viuno vya watu, na kila siku ameona moja ikigusana na namba kubwa. Hakuwahi kuona ajabu.

"Kwa hiyo aliporuka Fiji Alhamisi usiku," alisema polepole, "kule Los Angeles ilikuwa..."

"Hesabu mwenyewe."

"Sisi saa sita mchana, Alhamisi. Wao nyuma saa kumi." Vidole vilicheza juu ya paja. "Saa nane usiku. Usiku wa kuamkia Alhamisi hiyo hiyo. Alhamisi ndiyo kwanza inaanza."

"Ongeza kumi na moja."

"Saa saba mchana." Alitazama karatasi. Saa saba mchana ndiyo iliyoandikwa. "Na hapa kwetu ilikuwa saa tano usiku. Alhamisi."

"Kwetu hakuna kilichorudi nyuma. Aliruka tukiwa mchana, akatua tukiwa tumelala."

Tatu alihesabu na zilizobaki, safari hii bila kuombwa. Ijumaa saa kumi jioni kutoka Marekani, ambako kwetu ni saa nane usiku wa kuamkia Jumamosi. Saa kumi na sita angani. Doha Jumamosi saa kumi na mbili jioni, na Doha saa zao ni sawa na zetu. Kilimanjaro Jumapili, saa moja na nusu asubuhi. Kila kitu kilikaa mahali pake kama kola iliyokatwa vizuri. Hakukuwa na usiku uliofichwa. Mume hakudanganya. Mtu pekee aliyeichezea tiketi ile ni yeye, kwa kalamu ya kuazima.

Na nyumbani chumba kilikuwa kikinuka rangi mbichi, na kitanda kilikuwa kwa seremala.

Ndipo wazo jingine likamjia, lenye makali kuliko la kwanza.

"Munira. Hafsa nilimwambia kwamba nitapaka rangi. Alikwambia?"

Munira alikuwa akiikunja futi. Aliikunja mpaka mwisho kabla ya kujibu. "Aliniambia Ijumaa. Na kwamba kitanda umekitoa mpaka Jumatatu."

"Ukajua nimekosea siku."

"Nikajua."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza." Alimrudishia futi. "Sikudanganya mtu, dada. Ungeniuliza ningekwambia. Lakini hukuniuliza, na mimi nikawaza, akifika kwako akute hakulaliki, atarudi hapa. Miezi kumi na minne nimelala peke yangu. Wewe unadhani ni wewe tu unayehesabu?"

Lile aliloambiwa lilikuwa wivu mtupu, na aliutambua kama mtu anavyotambua mshono wa mkono wake. Alichosema ni hiki: "Basi la Arusha linafika saa ngapi?"

"Saa nane na nusu, au tisa."

"Imeshafika saa nane na robo. Twende."

Munira akafunua sufuria, akapakua pilau na kuku kwenye hotipoti kubwa lenye maua mekundu, akajitanda mtandio. Walitembea kwenda stendi kila mmoja upande wake wa barabara.

Sufiani alishuka saa nane na dakika hamsini, amepungua, ndevu zimemtoka ovyo, begi begani. Aliwaona wake zake wawili wamesimama pamoja, akaacha kutembea.

"Nani kafa?" aliuliza.

"Hakuna aliyekufa," Tatu alisema. "Karibu. Umeonekana."

"Mnanitisha. Mmekuja wote?"

"Tumekuja kuuliza habari za Alhamisi," Munira alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile Tatu nusura acheke.

Sufiani akapiga paja. "Acheni tu! Alhamisi nimeila mara mbili. Nimekula cha usiku cha Alhamisi, nikasinzia, nikaamka nikaletewa chai, nikashuka, naambiwa ni Alhamisi mchana. Nikasema hawa wananidai Alhamisi moja."

"Na hiyo ya pili uliilala wapi?" Tatu aliuliza haraka.

"Hoteli ya kampuni, chumba kimoja na Mfilipino. Anakoroma kama winchi ya meli. Ukitaka namba yake nikupe."

Wenye mabegi waliwapita kushoto na kulia. Munira alisubiri kicheko kipoe, kisha akasema, taratibu, macho yake kwenye hotipoti: "Kwa dada leo hakulaliki. Rangi ni mbichi, na kitanda kiko kwa seremala. Nasema tu ujue."

Sufiani akamgeukia Tatu.

Tatu angeweza kusema uongo. Angeweza kumsingizia seremala, au Habakuki. Mwenzake alikuwa pembeni, amesukwa, chumba chake kina pazia jipya na shuka zilizonyooshwa. Kumruhusu mume alale Manundu usiku mmoja, kisha adai fidia, lingekuwa jambo la busara, na watu wangemsifu. Lakini usiku ule alikuwa ameungoja kwa jina lake, Jumapili au Jumatatu, na hakutaka uitwe fidia.

"Ni kweli," alisema. "Nilihesabu vibaya. Niliona tiketi imekosea, kumbe ni mimi."

Maneno hayo yalimgharimu kuliko rangi. Sufiani hakuwahi kuyasikia kutoka kwake tangu amwoe.

"Basi mimi sichagui," Sufiani alisema. "Zamu ni yako. Sema wewe."

"Sebuleni kuna mkeka. Tutalala hapo, madirisha wazi."

"Baharini nimelalia chuma," alisema Sufiani. "Mkeka ni neema."

Munira alinyoosha hotipoti. Tatu alijua kwamba njia nzima mumewe atanusa mkono wa mwanamke mwingine, na akifika atausifu, na yeye itabidi aitikie, kwa sababu nyumbani hakukuwa na kilichopikwa. Akalipokea kwa mikono miwili.

"Asante, mwalimu."

Gari la Handeni lilikuwa nusu tupu. Walikaa nyuma ya dereva. Kabla ya kuondoka, Sufiani, ambaye mwili wake haukujua tena kama ni usiku au mchana, alikwisha lala, kichwa kimeegemea kioo cha dirisha. Tatu alikivuta taratibu akakilaza begani kwake. Alifanya hivyo makusudi, akijua nani anatazama.

Kisha naye akatazama. Munira alikuwa bado stendi, amejifanya anasoma bango la nauli. Alisimama wima mno, mikono imeshikana mbele, kama mtu asiyetaka kuonekana kwamba ameachwa. Tatu alikujua sana kule kusimama. Ndivyo yeye mwenyewe alivyosimama mlangoni miaka tisa iliyopita, asubuhi Sufiani alipokwenda Korogwe kuoa, na aliposikia majirani wakipita alijifanya anakagua bawaba.

Alifurahi kumwona hivyo. Hakuweza kujizuia. Na furaha ile hakuipenda.

Dereva akawasha gari. Tatu alisukuma kioo kwa mkono mmoja, bila kutikisa bega.

"Munira!" aliita. Hakusema mwalimu. "Leo, kesho, keshokutwa. Jumatano usiku ni kwako."

Munira aligeuka kutoka kwenye bango.

"Najua, dada," alijibu. "Nimeshahesabu."